Kufuta faili nyeti lisibaki popote: tupio, matoleo ya zamani na vifaa vilivyounganishwa

Kosa lenyewe hujirudia kwa namna ileile. Mtu anafuta skani ya pasipoti kwenye kompyuta, anamwaga tupio, anaridhika. Wiki tatu baadaye anaikuta kwenye simu, au kompyuta ya zamani inawashwa na kuipandisha upya mtandaoni. Hakukosea kubonyeza. Alikosea mpangilio: alisafisha mwisho wa bomba kabla ya kufunga maji.

Faili lililo kwenye folda inayosawazishwa lina nakala nyingi, na kila nakala ina mahali pake pa kujificha baada ya kufutwa. Kwa hiyo kazi hii ina utaratibu mmoja: hesabu nakala zote, washa vifaa vyote, futa kwenye wingu, safisha kila kifaa, na diski iwe ya mwisho. Ukianza na diski, usawazishaji unaweza kulirudisha faili ukiwa bado unashangilia.

Mfano tutakaoufuata ni faili liitwalo `pasipoti-skani.pdf`. Lilipigwa skani kwa simu ya Android, likapandishwa Google Drive, likashuka kwenye folda ya Documents ya kompyuta ya Windows, kisha likatumwa mara moja kwa WhatsApp na mara moja kwa barua pepe. Majina ya vitufe yameandikwa kama yanavyosomeka kwenye skrini ya Kiingereza.

## Unachohitaji kabla ya kuanza

- Kila kifaa kilichowahi kuingia kwenye akaunti hiyo, pamoja na chaja yake. Kompyuta kuukuu iliyo kabatini nayo imo.
- Nywila ya akaunti ya wingu na ya barua pepe.
- Ruhusa ya msimamizi kwenye kompyuta.
- Diski ya nje unayotumia kwa bekapu, kama unayo.
- Flashi moja isiyo na kitu, kwa ajili ya jaribio la mwisho.
- Muda: mpaka saa mbili za kazi ya mikono. Diski ya kizamani inayozunguka itahitaji saa kadhaa zaidi za kujiendesha yenyewe.

Ukitaka kubaki na nakala moja, iweke sasa kwenye flashi iliyofungwa kwa nywila, nje ya folda yoyote inayosawazishwa, kisha ichomoe. Baada ya hatua ya nne hakuna kurudi nyuma.

Na kama akaunti ni ya kazini, fahamu mipaka yako. Msimamizi wa Google Workspace anaweza kurejesha faili kwa siku 25 baada ya wewe kumwaga tupio. Hapo suluhisho ni kuzungumza naye, maana hakuna kitufe upande wako kitakachomzuia.

## Hatua ya 1: Chukua alama ya faili na utafute nakala zote

Kutafuta kwa jina hakutoshi. Nakala iliyopakuliwa mara ya pili huitwa `pasipoti-skani (1).pdf`, na ile iliyobadilishwa jina ikawa `Doc1.pdf` haitaonekana kabisa. Kinachofaa ni alama ya maudhui, yaani mfuatano wa herufi na tarakimu unaokokotolewa kutoka ndani ya faili lenyewe. Mafaili mawili yenye maudhui yaleyale hutoa alama ileile, hata yakiitwa majina tofauti.

Fungua PowerShell na uandike hivi, ukibadilisha njia ya faili iwe ya kwako:

```
$f = Get-Item "$HOME\Documents\pasipoti-skani.pdf"
$h = (Get-FileHash $f.FullName).Hash
$h
$f.Length
Get-ChildItem $HOME -Recurse -File -Force -ErrorAction SilentlyContinue |
  Where-Object Length -eq $f.Length |
  Get-FileHash | Where-Object Hash -eq $h
```

Amri hii huchuja kwanza kwa ukubwa, kisha hukokotoa alama za yale yanayolingana tu, kwa hiyo haichukui muda mrefu. Nakili alama na ukubwa vilivyoonyeshwa mahali salama. Utavihitaji tena mwishoni, wakati faili lenyewe halipo. Katika mfano wetu matokeo yanaonyesha mafaili matatu: la kwenye Documents na mengine mawili kwenye Downloads, moja likiwa `Doc1.pdf`.

Alama ina udhaifu wake: ukibadilisha hata kitu kidogo tu ndani ya faili, inabadilika yote. Picha iliyopunguzwa ukubwa au PDF iliyounganishwa na kurasa nyingine haitanaswa. Ndiyo maana kwenye Google Drive unatafuta kwa njia nyingine. Andika jina lililo ndani ya waraka, au neno lolote lililochapwa humo. Drive husoma maandishi yaliyo ndani ya PDF na picha nyingi, hivyo huibua hata faili lenye jina lisilohusiana.

Ukiwa hapohapo, fungua pia sehemu iitwayo `Computers` upande wa kushoto. Folda za kompyuta zinazobekapiwa huwekwa humo, si ndani ya `My Drive`, na wengi hawajawahi kuifungua.

Malizia na barua pepe. Kwenye Gmail tafuta:

```
has:attachment filename:pdf in:anywhere pasipoti
```

`in:anywhere` huingiza tupio na taka kwenye utafutaji. Barua uliyoituma ni nakala kamili ya faili, na iko kwenye folda ya Sent.

Umefanikiwa ikiwa una orodha iliyoandikwa yenye kila mahali: wingu, kompyuta, simu, barua pepe, WhatsApp, diski ya bekapu.

## Hatua ya 2: Washa vifaa vyote na usubiri vilingane

Hii ndiyo hatua inayorukwa, na ndiyo inayofufua mafaili.

Kifaa kilichozimwa hakijui kwamba umefuta. Kikiwashwa kikiwa bado kimeunganishwa na akaunti, kwa kawaida kitapokea taarifa na kufuta nakala yake. Hatari iko kwenye kifaa ambacho akaunti yake iliondolewa huku folda ikabaki. Siku utakapoiunganisha tena folda hiyo, programu inaweza kuyaona mafaili yaliyomo kama mapya na kuyapandisha. Vivyo hivyo, faili lililohaririwa kifaa kikiwa nje ya mtandao linaweza kupanda kama kazi mpya.

Kwa hiyo washa kila kifaa, kiunganishe na intaneti, fungua programu ya Drive na usubiri iseme kwamba kila kitu kimesasishwa. Usiondoe akaunti kwenye kifaa chochote sasa. Ukiiondoa kabla ya kufuta, unakiacha kifaa hicho na nakala ambayo wingu haliwezi tena kuifikia.

Kifaa kilichopotea au kuuzwa kiondoe kupitia ukurasa wa usalama wa akaunti, kwenye `Your devices`. Kumbuka tu kwamba kuondoa huku hukata mawasiliano na akaunti; hakufuti kilichokwisha kuhifadhiwa humo.

## Hatua ya 3: Shughulikia ushiriki na matoleo ya zamani

Bofya faili kwenye Drive, fungua `Share`, uondoe majina yote na kiungo cha wazi. Angalia pia mmiliki ni nani. Kama faili si lako, kulifuta kunaliondoa machoni pako tu. Mwenye faili anabaki nalo. Na aliyekwisha kutengeneza nakala yake ana faili jingine kabisa. Huyo mwombe afute.

Sasa matoleo. Wapo wanaofungua waraka, wakafuta ukurasa wenye siri, wakahifadhi, wakaamini siri imetoweka. Haijatoweka. Kwa PDF, picha na mafaili mengine yaliyopandishwa, Drive huweka toleo la zamani kwa siku 30 au mpaka matoleo mapya 100 yarundikane, na lililowekewa alama ya `Keep forever` halifutwi lenyewe.

Ukiwa unafuta faili zima, matoleo yake huondoka nalo pale linapofutwa kabisa. Lakini ukitaka faili libaki bila ukurasa mmoja, bofya kitufe cha kulia cha kipanya, nenda `File information`, kisha `Manage versions`, na ufute kila toleo la zamani kupitia nukta tatu zilizo kando yake.

Waraka ulioandikwa ndani ya Google Docs ni habari tofauti. Historia yake haina kitufe cha kufuta toleo moja moja. Njia ni hii: ondoa sehemu nyeti, chagua `Make a copy`, hakiki kwamba historia ya nakala mpya haina matoleo ya awali, kisha ufute waraka wa kwanza kabisa. Maoni ya pembeni usiyachukue kwenda nayo, kwani mara nyingi ndiyo yenye kunukuu kile ulichotaka kukiondoa.

Umefanikiwa ikiwa ukifungua `Manage versions` unakuta toleo moja tu, la sasa.

## Hatua ya 4: Futa kwenye wingu, kisha mwaga tupio la wingu

Futa kupitia kivinjari, si kupitia folda ya kompyuta. Sababu ni kwamba kwenye kivinjari unaliona faili halisi pamoja na tupio lake. Kwenye kompyuta, hata `Shift` + `Delete` inayoruka tupio la Windows haigusi tupio la wingu: Drive hupokea taarifa ya kufutwa na kuliweka faili kwenye `Trash` yake kwa siku 30.

Futa kila nakala iliyo kwenye orodha yako, pamoja na zilizo chini ya `Computers`. Kisha fungua `Trash`, chagua mafaili hayo, na ubonyeze `Delete forever`. Usimwage tupio lote kama hujalikagua. Humo huwa na vitu vya watu wengine wa nyumbani wanaotumia akaunti hiyo.

Fanya hivyohivyo kwenye Gmail: futa barua, kisha uifute tena ndani ya `Trash`.

Kwa wanaotumia huduma nyingine, mpangilio ni uleule na muda ndio unaobadilika. OneDrive ya binafsi hushikilia vilivyofutwa kwa siku 30, ya kazini au shuleni siku 93. Dropbox ya bure hushikilia siku 30, na iCloud Drive siku 30 ndani ya `Recently Deleted`.

Baada ya `Delete forever`, wewe huwezi tena kulirejesha, lakini seva zenyewe huchukua muda kusafishika. Google inaeleza kwamba ufutaji kamili kwa kawaida huchukua takriban miezi 2, na hifadhi zao rudufu zilizosimbwa zinaweza kubaki na data mpaka miezi 6. Muda huo huwezi kuuharakisha.

## Hatua ya 5: Simu

Subiri simu isawazishe, kisha upite sehemu hizi moja baada ya nyingine.

Skani nyingi huanza kama picha. Fungua Google Photos, futa picha hiyo, kisha uingie kwenye tupio lake na uifute humo pia. Picha iliyobekapiwa hukaa humo siku 60, muda mrefu kuliko wa Drive, na hapa ndipo watu hudanganyika kwa kuhesabu 30.

Fungua programu ya mafaili ya simu, angalia Downloads, kisha tupio la programu hiyo. Files by Google ina tupio lake la siku 30 lisilohusiana na lile la Drive.

Kwa WhatsApp, kufuta ujumbe kwenye gumzo hakutoshi. Ingia kwenye folda hii na uangalie pia folda ndogo ya `Sent`, kwani hapo ndipo nakala ya ulichotuma hukaa:

```
Android/media/com.whatsapp/WhatsApp/Media/WhatsApp Documents
```

Ukishafuta, fungua mipangilio ya gumzo ya WhatsApp na ufanye bekapu mpya mara moja. Bekapu mpya huchukua nafasi ya ile ya zamani. Ukiiacha, siku utakapohamia simu nyingine faili litarudi pamoja na gumzo. Nakala iliyo kwenye simu ya mpokeaji huna uwezo nayo muda wa kufuta kwa wote ukishapita, na muda huo ni siku 2 na kidogo.

Mwisho, kama faili liliwekwa lisomeke bila mtandao, fungua mipangilio ya simu, uende kwenye programu ya Drive, kisha hifadhi, na ufute akiba yake.

## Hatua ya 6: Kompyuta

Futa nakala za Downloads ulizozipata hatua ya kwanza, kisha mwaga Recycle Bin ya kila kompyuta. Kufutwa kupitia wingu kunaweza kuliacha faili kwenye tupio la kompyuta ya mbali, kwa hiyo usidhani kwamba kwa kuwa hukufuta kwenye mashine hiyo, tupio lake ni safi.

Programu ya Drive ina akiba yake ya mafaili yaliyofunguliwa. Hakikisha kila kitu kimekwisha kusawazishwa, chagua `Quit` kwenye programu hiyo, kisha ufute folda hii:

```
%LOCALAPPDATA%\Google\DriveFS
```

Ukiifungua tena itakutaka uingie upya. Tahadhari: ukifuta folda hii wakati kuna kazi ambayo haijapanda, kazi hiyo imepotea.

Kisha File History, yaani bekapu ya Windows yenyewe, kama imewashwa. Kwa mpangilio wa kawaida huhifadhi kila saa na kuweka nakala bila kikomo. Kwenye diski ya nje fungua folda `FileHistory` na utafute `pasipoti-skani`. Nakala zake zina tarehe na saa mwishoni mwa jina, kwa mfano:

```
pasipoti-skani (2024_03_05 08_12_33 UTC).pdf
```

Zifute zote, sio ya mwisho tu. Tafuta vilevile `Doc1`, kama lilikuwa ndani ya folda inayobekapiwa.

Kilichobaki ni vivuli vya diski, yaani nakala za hali ya diski ilivyokuwa wakati fulani, ambavyo Windows huvitengeneza pamoja na alama za kurejesha mfumo. Fungua Command Prompt kama msimamizi:

```
vssadmin list shadows
vssadmin delete shadows /for=C: /all
```

Tahadhari: amri ya pili hufuta alama zote za kurejesha mfumo. Ifanye kompyuta ikiwa inafanya kazi vizuri, na utengeneze alama mpya baada ya kumaliza mwongozo huu, si kabla.

## Hatua ya 7: Diski yenyewe

Faili lililofutwa bado lipo kwenye diski mpaka nafasi yake itumike tena. Cha kufanya kinategemea aina ya diski. Fungua Task Manager, kichupo cha `Performance`, ubofye `Disk 0`. Utaona `HDD` au `SSD`.

HDD, diski ya kizamani inayozunguka. Andika juu ya nafasi tupu:

```
cipher /w:C:\
```

Amri hii hupita mara tatu: sifuri, kisha thamani 255, kisha namba za nasibu. Haigusi mafaili yaliyopo. Diski inayoandika megabaiti 100 kwa sekunde, ikiwa na gigabaiti 500 tupu, itachukua zaidi ya saa 4. Funga programu nyingine, iache ifanye kazi usiku. Ikikatizwa katikati inaweza kuacha folda iitwayo `EFSTMPWP` iliyojaa. Ifute na uanze upya.

SSD. Hapa kuandika juu hakuna maana uliyoizoea. Diski hii hugawa uandishi kwenye seli tofauti ili zisichakae upande mmoja, hivyo unachokiandika juu ya faili hutua mahali pengine. Unachotegemea ni TRIM, amri inayoiambia diski kwamba nafasi fulani haitumiki tena. Angalia kama imewashwa:

```
fsutil behavior query DisableDeleteNotify
```

Jibu la `0` kwa NTFS maana yake imewashwa. Kisha itume kwa diski nzima kupitia PowerShell ya msimamizi:

```
Optimize-Volume -DriveLetter C -ReTrim -Verbose
```

Iache kompyuta imewaka bila kazi kwa saa moja hivi, ili diski ipate nafasi ya kusafisha kwa ndani. Hili linatosha dhidi ya programu za kurejesha mafaili. Dhidi ya mtu anayefungua diski na kusoma seli moja moja, kinga ni usimbaji wa diski nzima, yaani kuifanya isisomeke bila ufunguo, na ili ulilinde faili lolote unapaswa kuwashwa kabla faili halijaingia.

Flashi na kadi za kumbukumbu. Hamisha vilivyobaki, kisha fomati huku ukiondoa alama kwenye `Quick Format`. Fomati kamili ya Windows huandika sifuri kote. Hata hivyo chombo hiki nacho hugawa uandishi, na kikiwa kimebeba siri nzito, kuvunja chipu yake ni uhakika zaidi.

## Hatua ya 8: Hakiki

Rudia utafutaji wa hatua ya kwanza kwa alama uliyoihifadhi. Badala ya `$f.Length` weka ukubwa ulioandika, na badala ya `$h` weka alama ndani ya nukuu. Usipate jibu lolote.

Kisha jaribu kulirejesha kwa makusudi. Pakua Windows File Recovery kutoka Microsoft Store, chomeka ile flashi tupu, tuseme ni `E:`, na uandike kama msimamizi:

```
winfr C: E: /extensive /n *.pdf
```

Angalia kilichorejeshwa. Orodha ikikosa faili lako, au likiwemo lakini halifunguki kwa kuwa ndani yake ni sifuri tupu, diski imesafishika. Likifunguka, kwenye SSD rudia `-ReTrim`, kwenye HDD rudia `cipher`. Fomati flashi hiyo baadaye, maana sasa imebeba PDF zako nyingine zilizofufuliwa.

Siku saba baadaye, vifaa vyote vikiwa vimewashwa tena, tafuta `pasipoti` kwenye Drive, Photos na simu. Likitokea mahali, tazama kwenye maelezo lilipandishwa lini na kutoka wapi: tarehe ya baada ya ufutaji inaashiria kifaa kilichosahaulika hatua ya pili. Kitafute hicho kwanza, kiunganishe, ndipo urudie kuanzia hatua ya nne.